Majaribio Yakiisha: Umthibitishe, Umwongezee Muda au Muachane?

Tuseme una mashine ya kukamua alizeti pale Mutuka, Babati. Umemwajiri mtunza stoo kwa mshahara wa mwezi, majaribio miezi 3, na sasa siku zinayoyoma. Kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinakuonyesha pa kupita.

1. Usingoje siku ya mwisho. Kanuni zinakutaka umfuatilie mfanyakazi na kukutana naye mara kwa mara. Kila mwisho wa mwezi kaeni chini, leja ikiwa mezani, mwambie wapi amefanya vizuri na wapi bado.

2. Andika kilichotokea. Neno "mzembe" halimfundishi mtu kazi. Andika hivi: "Ulipopokea mzigo wa Jumatatu hukutoa uzito wa magunia matupu, kwa hiyo leja inaonyesha kilo ambazo stoo haina." Hapo anajua cha kurekebisha, na mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, una cha kuonyesha.

3. Msikilize kabla ya kuamua. Mpe nafasi ya kujieleza. Ana haki ya kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akisema hakuna aliyemwelekeza jinsi ya kutoa uzito wa gunia, mwelekeze, kisha mpe muda wa kutosha ajirekebishe.

4. Ongeza muda kwa sababu ya kweli. Sababu hiyo ni moja: bado hujaweza kumpima. Kama aliajiriwa kabla ya mavuno na magunia ndiyo kwanza yanaanza kuingia, hujamwona kazini hasa. Shauriana naye kwanza, kisha andika tarehe mpya ya mwisho na mambo utakayoyapima. Kumwongezea muda kwa sababu tu unaona haya kumwambia ukweli ni kumtesa.

5. Mkiachana, achaneni kwa haki. Hakikisha aliambiwa kasoro, akasikilizwa, akapewa muda, na bado akashindwa. Baada ya mwezi wa kwanza kazini, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo aliyojipatia, umpe na cheti cha utumishi.

6. Usinyamaze. Mwaka 2019, katika kesi iliyoihusu benki ya NMB, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba majaribio kuisha muda wake hakumfanyi mtu awe amethibitishwa. Maana yake ni kwamba ukikaa kimya, mwenzako anabaki akining'inia, hajui kama ana kazi au hana.

Kwa hiyo, uamuzi wowote utakaoufikia, uandikie barua kabla ya siku ya mwisho, mkabidhi mkononi, naye asaini nakala yako.