Paka Mgeni na Paka Mwenyeji

Bibi mmoja wa Mnarani, Kilifi, aliyekaa na paka jike kwa miaka mitano, alipewa mtoto wa paka dume aliyeokotwa penye soko la samaki. Maswali yake aliyapeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari, paka wangu ni mpole kwa kila ajaye. Mbona alipomwona mtoto huyu mlangoni alimfokea na kumkimbiza hadi uani?

Upole wake kwa wanadamu, Bibi, si dhamana ya upole kwa paka asiyemjua. Kwa maana paka wasio na bwana, kama wale wanaozunguka pwani madau yanaporejea, hukaa kwa ujamaa wa majike walio ndugu, mama na binti zake, na mgeni akitokea humfukuza. Jamaa hao hutambuana kwa harufu moja waliyochanganya kwa kusuguana mashavu na mbavu, naye mtoto wako aliingia akinuka soko. Basi tadbiri yetu ni hii: harufu ya mgeni izoeleke nyumbani kabla macho hayajakutana.

Nianzie wapi?

Mtenge mgeni katika chumba chenye mlango unaofungika, umwekee maji, chakula, karai la mchanga mkavu, na kapu lililolazwa ubavu apate pa kujificha. Akae humo majuma mawili, na sababu ya kwanza ni afya: yapo maradhi ya kutapika na kuhara yanayoua watoto wa paka, ambayo huweza kufichika siku za mwanzo, na vijidudu vyake husafiri kwa mikono, nguo na viatu. Kwa hiyo mgeni apimwe na achanjwe, mwenyeji naye awe na chanjo iliyo hai. Kila siku umhudumie mwenyeji kwanza, kisha mgeni, halafu unawe kwa sabuni.

Wengi husema vitambaa vya harufu vibadilishwe tangu siku ya kwanza. Kwa paka aliyetoka nyumba inayojulikana kuwa na afya sina pingamizi, lakini kwa mtoto wa sokoni nakusihi ungoje muda huo utimie.

Na muda ukishatimia?

Twaa kipande cha leso kuukuu, umsugue mgeni mashavuni, penye tezi za harufu, kisha ukiweke sebuleni, mbali na malalo ya mwenyeji. Akikinusa akaenda zake, kesho kisogeze karibu na sahani yake. Akikifokea, kirudishe nyuma bila kumkaripia. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Halafu wabadilishane mahali: mwenyeji aingie kukagua chumba, na mgeni atembee sebuleni, wasionane.

Baada ya hapo walishe wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikianza hatua nne kutoka mlangoni na kusogea kidogo kidogo, maadamu wote wanakula kwa raha. Wakifika kula mlangoni penyewe, uweke wavu wa mbu uliopigiliwa imara kwenye fremu ya mbao, waonane kwa dakika chache tu wakati wa chakula. Wavu huo ukizoeleka, ndipo uondolewe, kwa muda mfupi na wewe ukiwapo. Yawezekana safari yote ikachukua majuma, hata miezi.

Nitajuaje kwamba mambo yanaharibika?

Kufoka mara moja kisha kugeuka si ubaya, maana ndivyo paka anavyoomba nafasi. Cha kuhofiwa ni kukodoleana macho bila kupepesa, masikio yaliyolazwa, mkia unaopigapiga na mngurumo mzito. Ukiviona, ingiza ubao au mto kati yao kuukata mtazamo, na ukirudi hatua moja nyuma hujashindwa. Wakishikana, usitie mkono kamwe, na baada ya kuwatenga usimbebe aliyeghadhibika, kwani ghadhabu yake yaweza kudumu saa nyingi na kumwangukia yeyote. Mwenyeji akigoma kula kwa siku nzima, mlete kwangu, kwani paka asiyekula hudhurika ini upesi.

Jirani anasema mtoto huyu ana damu ya Sokoke, kwa madoa yake. Je, njia ni ile ile?

Ni ile ile. Koo hiyo ilianzia kwa watoto wa paka waliopatikana karibu na Watamu mwaka 1978, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, lakini madoa peke yake hayathibitishi nasaba.

Lini niwaache peke yao?

Watakapokuwa wamelala chumba kimoja mchana, mbele yako, siku kadhaa bila mmoja kumvizia mwenziwe. Hadi hapo mlango ufungwe usiku. Weka makarai matatu ya mchanga, yaani moja zaidi ya idadi ya paka, na yasikae yote ukumbini, kwani mwenyeji huweza kumzuia mgeni kwa kuketi njiani tu, bila kelele, nawe ukadhani kuna amani huku mdogo anajisaidia nyuma ya kabati.