Sehemu moja, logarithi mbili na pembe

Tutafute intigrali ya 1/(x³ + 1). Asili ya sehemu hii inavunjika kuwa (x + 1)(x² − x + 1). Kipande cha pili hakivunjiki tena: ukipima b² − 4ac unapata 1 − 4 = −3, hasi, kwa hiyo hakuna namba halisi inayokifanya sifuri. Neno “kisichogawanyika” lina maana hapa kwa namba halisi tu.

Tunaandika:

1/(x³ + 1) = A/(x + 1) + (Bx + C)/(x² − x + 1)

Wengi huweka C peke yake juu ya kipande cha pili. Jaribu uone: x = −1 inadai A = 1/3, lakini hesabu ya x² inadai A = 0. Haiwezekani. Asili yenye x² inahitaji juu yake nafasi ya x pia. Tukiweka Bx + C, tunapata A = 1/3, B = −1/3, C = 2/3.

Kipande cha kwanza kinatoa (1/3) ln|x + 1|, hakina shida. Cha pili ni −(1/3)(x − 2)/(x² − x + 1), na hapo ndipo kazi ilipo. Ukitafuta kasi ya kubadilika ya asili unapata 2x − 1. Basi tukigawe kilicho juu ili 2x − 1 ionekane:

x − 2 = ½(2x − 1) − 3/2

Sehemu yenye 2x − 1 inakuwa −(1/6) ln(x² − x + 1). Kilichobaki ni ½ mara intigrali ya 1/(x² − x + 1), ambayo haina x juu, kwa hiyo logarithi haiwezi kuipata. Tunakamilisha mraba:

x² − x + 1 = (x − ½)² + 3/4

Neno “kukamilisha” linafaa kweli: x² − x ni mraba uliokosa kipembe cha 1/4. Tunakiongeza, na 3/4 inabaki nje. Sasa tuna umbo u² + a², ambapo a = √3/2, na jibu lake ni (1/a) arktanjenti ya u/a. Jumla:

(1/3) ln|x + 1| − (1/6) ln(x² − x + 1) + (1/√3) arctan((2x − 1)/√3)

Hiyo 1/a ndiyo husahaulika zaidi. Ili kuigundua, pima toka 0 hadi 1. Logarithi ya pili inakuwa sifuri pande zote mbili, na arktanjenti inatoka −π/6 hadi π/6:

(1/3) ln 2 + π/(3√3) ≈ 0,836

Ukiisahau 1/a, unapata 0,755. Sasa tazama sehemu yenyewe: kwa x = 0 ni 1, kwa x = ½ ni 8/9, kwa x = 1 ni ½. Ukiipa thamani ya katikati uzito wa mara nne, wastani ni (1 + 32/9 + ½)/6, karibu 0,843. Jibu la 0,755 liko mbali mno na hapo.