Mtambo wa Maziwa Utarudisha Pesa Lini? Hesabu Mbili, Majibu Mawili

Kikundi cha wafugaji kinapotaka kununua mtambo wa kupoza maziwa, swali la kwanza mkutanoni huwa moja: pesa zetu zitarudi lini? Kuna njia mbili za kulijibu. Ya kwanza ni rahisi na karibu kila mtu huitumia. Ya pili huchukua dakika chache zaidi, lakini ndiyo inayoonyesha kama mkopo utalipika kwa wakati. Mfano ufuatao unazipitia zote mbili kwa takwimu zilezile.

Tuseme mtambo unagharimu shilingi 600,000, na kikundi kitakopa kiasi chote kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, inayotozwa kwa deni lililobaki. Mkopeshaji anataka deni liishe kwa miaka minne. Faida ya mtambo ni maziwa ya jioni, ambayo zamani yaliharibika au yakauzwa kwa bei ya kutupa. Sasa yatahifadhiwa hadi asubuhi na kuuzwa kwa bei kamili.

Hatua ya kwanza: kutafuta pesa halisi za kila mwaka

Kikundi kinachukua mauzo yaliyoongezeka kwa sababu ya mtambo, kisha kinatoa gharama za kuuendesha: umeme, mshahara wa mhudumu, sabuni na matengenezo. Riba ya mkopo haitolewi hapa, kwa sababu itaingia kwenye hesabu ya pili. Ikitolewa hapa pia, itakuwa imehesabiwa mara mbili.

Baada ya makato hayo, kikundi kinatarajia kubaki na shilingi 120,000 mwaka wa kwanza, wanachama wakiwa bado wachache. Mwaka wa pili kitabaki na 160,000, na kuanzia mwaka wa tatu 180,000 kila mwaka. Ili hesabu iwe nyepesi, pesa za kila mwaka zinachukuliwa kana kwamba zinaingia mwisho wa mwaka huo.

Hatua ya pili: hesabu ya kawaida

Hapa pesa zinajumlishwa tu mpaka zifikie bei ya mtambo. Baada ya miaka miwili kikundi kina 280,000, na baada ya mitatu kina 460,000. Zimebaki 140,000. Mwaka wa nne utaleta 180,000, kwa hivyo 140,000 inagawanywa kwa 180,000 na kutoa 0.78 ya mwaka, yaani miezi tisa hivi.

Jibu ni miaka mitatu na miezi tisa. Mkopo ni wa miaka minne. Ukiishia hapa, utasema kikundi kitamaliza deni na kubaki na 40,000 mkononi. Wengi hutia sahihi hapo.

Hatua ya tatu: kuzirudisha pesa kwenye thamani ya leo

Hesabu ya kawaida inaichukulia shilingi ya mwaka wa nne kuwa sawa na shilingi ya leo. Mkopeshaji haioni hivyo. Kwa riba ya asilimia 14, mwenye shilingi 105,263 leo atakuwa na 120,000 mwaka ukiisha. Kwa hivyo 120,000 za mwisho wa mwaka wa kwanza zina thamani ya 105,263 tu leo.

Kikokotoo cha simu kinatosha. Pesa za mwaka wa kwanza zinagawanywa kwa 1.14 mara moja, za mwaka wa pili mara mbili, za mwaka wa tatu mara tatu, na kuendelea hivyo. Kwa mfano, 160,000 za mwaka wa pili zikigawanywa kwa 1.14, kisha jibu ligawanywe tena kwa 1.14, tunapata 123,115.

| Mwaka | Pesa halisi | Thamani ya leo | Jumla ya thamani ya leo |
|---|---|---|---|
| 1 | 120,000 | 105,263 | 105,263 |
| 2 | 160,000 | 123,115 | 228,378 |
| 3 | 180,000 | 121,495 | 349,873 |
| 4 | 180,000 | 106,574 | 456,447 |
| 5 | 180,000 | 93,486 | 549,933 |
| 6 | 180,000 | 82,006 | 631,939 |

Jumla inavuka 600,000 ndani ya mwaka wa sita. Mwisho wa mwaka wa tano bado zinahitajika 50,067. Kiasi hicho kikigawanywa kwa 82,006 za mwaka wa sita, tunapata 0.61 ya mwaka, yaani miezi saba hivi. Jibu sasa ni miaka mitano na miezi saba.

Tofauti hiyo ina maana gani?

Karibu miaka miwili iliyoongezeka ni muda wa kulipa riba. Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa kufuata deni lenyewe. Mwaka wa kwanza, 600,000 inakuwa 684,000 baada ya riba. Kikundi kinalipa 120,000 na kubaki na deni la 564,000. Kikiendelea kulipa kila shilingi ya mtambo, mwisho wa mwaka wa nne bado kitadaiwa takriban shilingi 242,000. Deni litaisha katika mwaka wa sita, palepale hesabu ya pili ilipoonyesha.

Kwa hivyo kikundi kilichojiona kitabaki na 40,000 kitajikuta kikidaiwa karibu robo milioni tarehe ya mwisho ikifika. Hakuna aliyeiba, na mtambo haujaharibika. Hesabu ndiyo iliyoacha riba nje.

Kuna jambo la pili la kulinganisha, nalo ni umri wa mtambo. Ukitarajiwa kufanya kazi miaka kumi, miaka mitano na miezi saba inavumilika, na kikundi kinaweza kuomba mkopo wa miaka sita. Lakini ukiwa ni mtambo uliotumika, utakaodumu miaka mitano tu, hesabu ya kawaida itasema umelipa, ilhali kwa thamani ya leo hautarudisha gharama yake kamwe.

Wanachama wakichanga 200,000 na kukopa 400,000, mkopo utaisha katikati ya mwaka wa nne, ndani ya muda wa mkopeshaji. Lakini mtambo wenyewe haujarudisha pesa haraka zaidi. Wanachama ndio sasa wanaosubiri, na ni vyema waambiwe hivyo kabla ya kuchanga.

Mahali ambapo hesabu hupotoka

Kosa la kwanza ni kutumia riba isiyo sahihi. Baadhi ya wakopeshaji hutoza riba kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata deni likiwa limepungua. Asilimia 14 ya namna hiyo ni ghali kuliko ile ya mfano huu, na kikundi kinapaswa kuuliza ni ipi. Kinachotumia akiba badala ya mkopo kitumie kiwango ambacho akiba hiyo ingepata kama ingebaki ilipo.

Kosa la pili ni kusahau kiangazi. Sehemu ya mwaka iliyopatikana kwa kugawanya huchukulia kwamba pesa huingia sawasawa kila mwezi. Maziwa hupungua malisho yakikauka, kwa hivyo ile miezi saba inaweza kuwa minane au tisa.

Mwisho, hesabu zote mbili hazisemi lolote kuhusu pesa zitakazoingia baada ya mtaji kurudi. Zinajibu swali la lini peke yake. Kwa kikundi chenye tarehe ya kulipa deni, swali hilo hujibiwa kwa hesabu ya pili, kabla ya kutia sahihi.