Tarakimu Tano za Eneo katika Namba ya NIDA

Wapo wakazi wa Bariadi wanaoamini kuwa namba zao za utambulisho zimekosewa kwa sababu sehemu ya eneo haitaji mkoa walikozaliwa. Mara nyingi namba hizo ni sahihi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20 katika mafungu manne. Tuchukue mfano wa kubuni:

19870412-39105-00007-21

Fungu la kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka 1987, mwezi wa 4, siku ya 12. Fungu la pili, 39105, ni la eneo, nalo hufuata mpangilio wa postikodi. Tarakimu 3 ni kanda ya mikoa ya Ziwa. 3 na 9 kwa pamoja ni Mkoa wa Simiyu. Shinyanga ni 37, Mwanza 33 na Mara 31. Tarakimu ya tatu huonyesha wilaya, na mbili za mwisho kata.

Fungu hilo linahitajika kwa kuwa watu wengi huzaliwa siku moja. Eneo huwagawa kwanza, kisha fungu la tatu, ambalo ni namba ya mfululizo, huwatenganisha wale wenye tarehe na eneo lilelile.

Hata hivyo, eneo linalotajwa ni la usajili, si la kuzaliwa. Hapo ndipo Tanzania inapotofautiana na Ufaransa, ambako namba ya hifadhi ya jamii hubeba tarakimu za jimbo la kuzaliwa. Korea ya Kusini nayo iliweka tarakimu za eneo katika namba zake, ikaziacha kwa namba mpya tangu Oktoba 2020, maana zilifichua asili ya mtu na kurahisisha kubahatisha namba yake.

Tumfikirie mama aliyezaliwa Itilima mwaka 1987, akasajiliwa akiishi Dar es Salaam, kisha akarejea nyumbani. Fungu lake la pili litaanza na 1, si 39, na kuhama hakulibadilishi. Cheti chake cha kuzaliwa nacho huenda kikataja Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kwa sababu Simiyu na Itilima zilianzishwa mwaka 2012. Nyaraka hizo mbili zinatofautiana bila yoyote kuwa na kosa, na anayemtoza fedha ili "kurekebisha mkoa" anamlaghai.

Fungu la kustahili kukaguliwa kwa makini ni la kwanza. Endapo tarakimu hizo nane hazilingani na tarehe iliyo katika cheti cha kuzaliwa, hilo ni kosa la kweli. Mhusika apeleke cheti chake ofisi ya NIDA ya wilaya, tena kabla hajaitumia namba hiyo kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu, kwani tarehe isiyo sahihi itamfuata huko kote.