Maswali na Majibu: Ushahidi wa Kukusanya kabla ya Kuripoti Hitilafu ya Programu

Mtunga programu hayupo hitilafu inapotokea. Yeye hujua yale tu anayoletewa na mhudumu aliyemsikiliza mtumiaji. Mfano ufuatao ni wa karani wa shule anayelalamika kwamba programu ya kuandikisha wanafunzi "inakataa tarehe za kuzaliwa".

SWALI 1: Je, malalamiko hayo yanatosha kuripotiwa?

JIBU: Hayatoshi, kwani yanaeleza maoni ya karani, si tukio lenyewe. Mhudumu amwulize mambo matatu: alifanya nini, hatua kwa hatua; alitazamia nini; na kilitokea nini. Karani aliandika `25/03/2009`, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na badala ya tarehe kuhifadhiwa yakatokea maneno `Invalid date`. Maneno hayo yanakiliwe herufi kwa herufi.

SWALI 2: Je, mfano mmoja unatosha?

JIBU: La. Karani aombwe pia tarehe zilizokubaliwa, kwa kuwa tofauti baina ya makundi mawili ndiyo inayofichua chanzo.

```
05/03/2009   imekubaliwa
11/08/2009   imekubaliwa
13/08/2009   imekataliwa
25/03/2009   imekataliwa
```

Zilizokataliwa zote zina siku inayozidi 12. Yaelekea programu inasoma mwezi kwanza, kama ilivyo desturi ya Marekani, na hakuna mwezi wa 25. Basi hatari kubwa zaidi imo katika zile zilizokubaliwa: mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Machi huenda ameandikwa kuwa alizaliwa tarehe 3 Mei, bila onyo lolote. Karani afungue upya kumbukumbu hiyo na kuthibitisha, kisha asimamishe uandikishaji hadi hitilafu irekebishwe.

SWALI 3: Kuhusu kompyuta, yaandikwe nini?

JIBU: Toleo la programu, mfumo wa uendeshaji, na mpangilio wa tarehe uliowekwa katika kompyuta hiyo. Halafu tarehe ile ile ijaribiwe katika kompyuta ya pili yenye toleo lile lile. Ikikubaliwa huko, mipangilio ya kompyuta hizo mbili ilinganishwe. Ikikataliwa kote, shaka inaielekea programu yenyewe.

SWALI 4: Wakati wa tukio uandikwe vipi?

JIBU: Karani akisema "saa tatu asubuhi", iandikwe 09:00, saa za Afrika Mashariki, pamoja na tarehe. Kumbukumbu za kompyuta kuu mara nyingi hutumia saa za dunia, ziitwazo UTC, ambazo ziko nyuma kwa saa 3. Humo tukio litaonekana saa 06:00. Mtunga programu akiambiwa "saa tatu" tu, atatafuta penye 03:00 asione kitu.

SWALI 5: Kipi kisikusanywe?

JIBU: Neno la siri la mtumiaji. Majina ya wanafunzi nayo yafichwe katika picha zote za skrini.

ZOEZI: Je, tarehe `07/07/2009` yafaa kuwa ushahidi wa hitilafu hii? Eleza sababu.