SOMO LA MITAMBO: UNENE WA SHAFTI NA KASI YAKE



Katika vyama vyetu vya kahawa, mitambo ya kumenya haiendeshwi moja kwa moja na injini. Injini huzungusha shafti ndefu kwa mkanda, na shafti hiyo nayo huzungusha mashine ya kumenyea kwa mkanda wa pili. Somo la leo linahusu shafti hiyo ya kati. Tutaona jinsi ya kukadiria unene wake, na kwa nini shafti iliyofanya kazi miaka mingi yaweza kuwa nyembamba mno siku moja baada ya fundi kubadili puli, ingawa injini haikubadilishwa wala mashine haikuongezewa kazi.

Tuchukue mfano wa chama chenye injini ya dizeli ya kilowati 7.5, yaani kama nguvu farasi 10, ya aina ile ya mwendo wa pole inayozunguka mara 600 kwa dakika. Puli ya injini na puli ya shafti zote zina upana wa milimita 400, hivyo shafti nayo huzunguka mara 600. Kutoka kwenye shafti, puli ndogo ya milimita 150 huvuta puli kubwa ya milimita 600 iliyo kwenye mashine ya kumenyea, nayo mashine huzunguka mara 150 kwa dakika. Shafti ina kipenyo cha milimita 32.

Wiki mbili kabla ya msimu puli ile kubwa yapasuka. Mjini haipatikani ya milimita 600, bali ya milimita 300. Fundi afanya hesabu yake vizuri: akifunga puli ya milimita 300 kwenye mashine, na ya injini akaipunguza kutoka milimita 400 hadi 200, basi shafti itazunguka mara 300, na mashine itabaki na mizunguko yake 150. Mtambo wajaribiwa, kahawa yamenyeka sawasawa, na kamati yamshukuru fundi. Hata hivyo shafti sasa imo hatarini, na hilo halionekani kwa macho.

Sababu ni hii. Nguvu ya injini hupita katika shafti kwa njia ya kusokota. Ule uzito wa kusokota, ambao katika somo hili tutauita msokoto, hutegemea nguvu na kasi kwa pamoja. Ikiwa nguvu ni ileile na kasi imepungua nusu, msokoto lazima uwe maradufu. Mwendesha baiskeli anayepanda mlima aijua habari hii miguuni mwake: akikanyaga polepole, sharti akanyage kwa uzito zaidi. Kanuni ya kuupata msokoto kwa nyutoni-mita ni:

T = 9550 × P ÷ n

P ni nguvu kwa kilowati, na n ni mizunguko kwa dakika. Shafti ya zamani ilichukua 9550 × 7.5 ÷ 600, yaani 119. Baada ya puli kubadilishwa, yachukua 9550 × 7.5 ÷ 300, yaani 239.

Hizo ni hesabu za mtambo uendao kwa utulivu, na mtambo wa kumenya hauendi kwa utulivu. Jiwe au kijiti kikiingia pamoja na kahawa mbivu, mashine hukwama kwa nukta moja na shafti hupata mtikiso. Injini ya dizeli yenyewe pia hupiga kwa vishindo. Kwa kazi ya namna hii yafaa kuuongeza msokoto kwa nusu yake kabla ya kuendelea. Hivyo 119 huwa 179, na 239 huwa 358.

Sasa tuje kwenye chuma. Msokoto hujaribu kuzitelezesha tabaka za chuma, moja juu ya nyingine, kama mtu anayekamua nguo kwa mikono miwili. Mkazo huo wa kutelezesha huwa mkubwa zaidi kwenye ngozi ya nje ya shafti na huisha kabisa katikati, ndiyo maana ila zinazodhuru ni zile za juu: mikwaruzo, kutu na michongo. Chuma cha kawaida kinachouzwa kwa ujenzi na karakana, kikivutwa, huanza kulegea na kutorudi katika umbo lake kwenye mkazo wa nyutoni 250 hivi kwa kila milimita mraba. Kikisokotwa hulegea mapema zaidi, na wahandisi huhesabu nusu tu, yaani 125.

Hakuna mtu mwenye busara anayekifanyisha chuma kazi hadi pale kinapolegea. Tunaigawanya 125 kwa namba inayoitwa kigezo cha usalama. Kwa shafti zetu ninashauri 3. Kwanza, ni nadra chama kupata cheti cha chuma kilichonunuliwa, hivyo hatujui kwa hakika ni cha aina gani. Pili, chuma kinachosokotwa na kupinda mara maelfu kila saa huchoka, na chuma kilichochoka hukatika kwa mkazo mdogo kuliko ule ambao kingeustahimili mara moja. Tukigawanya, 125 ÷ 3 ni kama 42. Huo ndio mkazo unaoruhusiwa kwa shafti iliyo nzima.

Lakini shafti yetu si nzima. Ili puli isiteleze, shafti huchongwa mfereji, na ndani yake hutiwa kipande cha chuma ambacho mafundi hukiita kii. Mfereji huo hupunguza nguvu ya shafti, hasa katika pembe zake. Desturi iliyozoeleka ni kuondoa robo. Wahandisi wa Marekani waliiandika katika kanuni zao za shafti za mwaka 1927: nyutoni 55 kwa shafti isiyo na mfereji, na 41 kwa iliyo nao. Robo ya 42 ikiondolewa, twabakiwa na 31 hivi.

Kanuni ya kipenyo ni hii:

d × d × d = 16 × T ÷ (3.14 × mkazo unaoruhusiwa)

Katika kanuni hii kipenyo ni kwa milimita, kwa hiyo msokoto nao hauna budi kugeuzwa kutoka nyutoni-mita kuwa nyutoni-milimita kwa kuzidisha mara 1000. Wengi hukosea hapo, wakapata shafti nyembamba kama penseli.

Kwa shafti ya zamani: 16 × 179,000 ni 2,864,000. Tukigawanya kwa 3.14 × 31, yaani 97.3, twapata kama 29,400. Namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake mara tatu hutoa 29,400 ni 30.9. Basi aliyeweka shafti ya milimita 32 hapo zamani alijua kazi yake.

Kwa shafti baada ya badiliko: 16 × 358,000 ni 5,728,000, na ikigawanywa kwa 97.3 ni kama 58,900. Asiye na jedwali la vipeuo na ajaribu tu: 38 × 38 × 38 ni 54,872, haitoshi, 39 × 39 × 39 ni 59,319, imepita kidogo. Hivyo kipenyo kinachotakiwa ni karibu milimita 39, na kwa kuwa ukubwa huo haupatikani madukani kwa urahisi, tutachukua 40. Hata mtu akishika ile namba ya Wamarekani ya 41, iliyo na ujasiri kuliko yetu, atapata milimita 35.4. Kwa hesabu yoyote, 32 haitoshi.

Je, shafti ya 32 itakatika siku ya kwanza? La, na hapo ndipo mtego ulipo. Tukiigeuza kanuni, shafti hiyo kwa msokoto wa 358 hupata mkazo wa kama 56. Penye mfereji chuma hulegea kwenye 94, yaani 125 baada ya kuondoa robo. 94 ÷ 56 ni 1.7 tu, zamani ilikuwa 3.4. Bado iko juu ya moja, kwa hiyo mtambo utazunguka na kila mtu ataona kuwa mambo ni mazuri. Kilicholiwa ni ile akiba iliyowekwa kwa ajili ya uchovu wa chuma. Ufa mdogo utaanza kwenye pembe ya mfereji na kukua kimya kimya, na kwa kawaida shafti itakatika wakati kazi ni nyingi kupita zote. Kahawa mbivu inapaswa kumenywa siku iyo hiyo ilipochumwa. Chama kisichoweza kumenya jioni hiyo kina mali ya wanachama inayochacha kwenye magunia.

Yapo mambo mawili ambayo hesabu hii haikuyagusa. La kwanza ni kupinda. Mkanda huivuta shafti upande mmoja, na kwa kuwa puli ile ndogo ya milimita 150 yapokea msokoto maradufu, mvuto wa mkanda wake nao umekuwa maradufu. Ikiwa puli imefungwa karibu na beringi, kupinda huko ni kudogo na kigezo chetu cha 3 chaweza kukibeba. Ikiwa iko katikati ya beringi mbili zilizo mbali, hesabu hii haitoshi na sharti amwone mhandisi, au beringi isogezwe. La pili ni kwamba anayesoma mkazo katika kitabu na ahakikishe kama ni ule wa kulegea au ule unaoruhusiwa. Ule unaoruhusiwa umekwisha kugawanywa. Kuugawanya tena kwa 3 ni kununua chuma bure.

Kuhusu gharama, kamati isiogope. Msokoto umeongezeka mara mbili, lakini kipenyo kimetoka 32 hadi 40 tu, kwa sababu ya kule kuzidisha mara tatu. Shafti ya mita 3 yenye milimita 32 ina kilo 19 hivi. Ya 40 ina kilo 30 hivi. Kinachogharimu zaidi ni beringi mpya na kupanua matundu ya puli. Njia nyingine ni kuendelea kuitafuta puli ya milimita 600 na kuirudisha shafti kwenye mizunguko 600, na hapo ile ya 32 yafaa kabisa, mradi haijapata ufa.

Ufa hutafutwa hivi. Simamisha injini na uondoe mkanda. Toa puli, safisha mfereji na pembeni yake, upake mafuta ya taa, uache robo saa, kisha ufute mpaka pakauke. Paka chokaa ya unga. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatokeza na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Shafti yenye mstari huo isirudishwe kazini, wala isiungwe kwa kuchomelea.

Chama kitakachoagiza shafti ya milimita 40 kiandikie karakana mambo haya katika barua: kilowati za injini na mizunguko ya shafti, ili fundi naye ahesabu, urefu, na mahali pa kila beringi na kila puli, kii chenye upana wa milimita 12 na kimo cha milimita 8, mfereji wake katika shafti uwe na kina cha milimita 5, na kwamba pembe za chini za mfereji ziviringwe kidogo, zisiachwe kali kama zilivyotoka kwenye patasi.