Picha moja, rangi tano: mng'ao usipakwe rangi

MFANYABIASHARA anayeuza ndoo ya plastiki ya rangi tano halazimiki kulipia picha tano. Picha moja ya ndoo nyeupe inatosha, kwa sharti kwamba rangi ipakwe mahali pake. Ikikosewa, ndoo huonekana kama katuni, na mteja aliyeagiza nyekundu hurudisha mzigo akidai siyo aliyoiona.

Chanzo cha kosa ni mng'ao. Plastiki hurudisha mwanga wa namna mbili. Ule unaopenya kidogo na kutoka tena hubeba rangi ya ndoo. Ule unaodunda juu ya uso hubaki na rangi ya taa, yaani nyeupe, hata kama ndoo ni nyekundu. Kwa hiyo kila namna huhitaji tabaka lake.

Katika programu kama GIMP, ambayo ni ya bure, fundi huteua ndoo peke yake na kuacha nje mkono wa waya. Juu yake huweka tabaka la rangi kwa mtindo wa Multiply. Mtindo huo huzidisha namba za mwanga, ambazo huanzia 0 kwa giza hadi 255 kwa nyeupe, kisha hugawanya kwa 255. Tuseme kipimo cha nyekundu katika rangi iliyochaguliwa ni 204. Ubavu wa ndoo wenye 200 utatoa 160, na upande wa kivuli wenye 100 utatoa 80. Kivuli kimebaki. Lakini mng'ao uliokuwa 255 umeshuka hadi 204, na sasa ni mwekundu. Hapo ndipo uhalisia unapopotea.

Dawa yake ni kunakili picha ya awali, kuifungua kwa Levels na kusogeza alama ya giza hadi 215, ili ubavu uwe mweusi na mng'ao pekee ubaki. Nakala hiyo, ikikatwa kwa umbo la ndoo, huwekwa juu kabisa kwa mtindo wa Screen. Mtindo huo hauhesabu weusi, hivyo mng'ao hurudi mweupe.

Kivuli kilicho mezani kisiguswe, isipokuwa karibu na kitako. Hapo ndoo nyekundu huipaka meza nyeupe wekundu hafifu; ukikosekana, ndoo huonekana imebandikwa.

Njia hii ina mipaka. Picha ya ndoo nyeusi haifai kuwa msingi, kwani sifuri ikizidishwa hubaki sifuri. Ndoo inayopitisha mwanga ipigwe picha yake. Shaba na dhahabu nazo hutia mng'ao rangi yao, hivyo kuzirudishia weupe ni kosa.

Kabla ya kutoa picha dukani, ndoo halisi iwekwe kando ya kioo cha kompyuta. Ubavu ukitofautiana, ibadilishwe rangi ya tabaka, siyo picha ya msingi.